Sura ya Nne: Kauli Inapofutwa

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, neno moja fupi lilikuwa na uzito wa pekee katika vituo vya afya vya Beni na Butembo, nchini Kongo: hasi. Mgonjwa ambaye damu yake ilitoka hasi aliondoka kwenye kituo cha washukiwa wa Ebola na kurudi kwa watoto wake. Ambaye damu yake ilitoka chanya alivuka uzio kwenda upande wa pili, na timu nyingine ikaanza kumtafuta kila mtu aliyemgusa. Mlipuko huo ulitangazwa rasmi tarehe 1 Agosti 2018, baada ya ugonjwa kuthibitishwa Mangina, si mbali na mji wa Beni. Kufikia mwisho wake tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470.

Neno hilo lilitoka kwenye chumba kidogo chenye mashine. Taasisi ya INRB ya Kinshasa ilipeleka mashine za GeneXpert katika miji hii, nazo zilitoa jibu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kwa hiyo fundi wa maabara, mtu ambaye wagonjwa hawakumwona hata siku moja, ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote kulaumiwa jibu lilipogeuka. Sura za wauguzi na madaktari wagonjwa waliziona. Yeye waliona sahihi yake tu, chini ya karatasi.

Sura hii inahusu lawama ya namna hiyo ikishaonekana kuwa ya uongo, na ujumbe mfupi ambao aliyelaumu anapaswa kuuandika. Kisa kinachofuata kimetungwa kwa ajili ya maelezo, na watu wake hawana majina. Hatua za maabara, masharti ya kazi na hali ya mji ni vile zilivyokuwa kweli.

Damu ya Jumamosi

Tuseme ni mwaka 2019, Butembo. Mwanamume anaanza homa Ijumaa saa moja jioni. Kwa kuwa jina lake limo kwenye orodha ya watu waliogusana na mgonjwa, anafikishwa kituoni mapema, na Jumamosi saa tano asubuhi anatolewa damu. Alasiri jibu linatoka: hasi. Daktari wa zamu, kijana mwenye vitanda vilivyojaa, anamruhusu aende nyumbani.

Jumatano mtu huyo anarudishwa akitapika, hana nguvu za kusimama. Anapimwa tena, na sasa jibu ni chanya. Tangu Jumamosi amelala nyumbani, amelishwa na mkewe, ametembelewa na majirani. Wote hao sasa wanaingia kwenye orodha ya kufuatiliwa kwa siku 21.

Alhamisi, katika mkutano wa asubuhi wa timu, daktari anasimama. Anasema maabara imetoa jibu la uongo, fundi wa zamu ya Jumamosi amechanganya sampuli, na familia nzima iko hatarini kwa sababu yake. Fundi ni mama mwenye umri wa kumpita daktari kwa miaka kumi na zaidi. Hana la kusema papo hapo. Kufikia mchana amekabidhiwa barua ya kuomba maelezo, ile karatasi ya Kifaransa ambayo kila mfanyakazi wa Kongo anaijua na kuiogopa, kwa kuwa jibu lake lazima litolewe kwa maandishi na nakala zote mbili hubaki kwenye faili. Kufikia jioni maneno ya mkutano yamefika kwenye kundi la WhatsApp la timu, na mtu ameongeza yake.

Katika mji mwingine hilo lingekuwa jambo la ofisi tu. Butembo ya 2019 haikuwa hivyo. Mwishoni mwa Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilikuwa imeahirisha kura ya Beni na Butembo, ikitaja Ebola pamoja na ukosefu wa usalama, na watu wengi wakaamini kwamba ugonjwa ni njama ya siasa. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa. Siku tatu baadaye kikafuata cha Butembo. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi na watu wenye silaha walioingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben akiwa mkutanoni na wenzake. Mtaani ulivuma uvumi kwamba majibu ya vipimo yanatungwa. Kusema mbele ya watu kwamba fundi fulani ametoa jibu la uongo kulikuwa kuupa uvumi huo jina la mtu, mtu mwenye nyumba na njia anayopita jioni akirudi kwake.

Alichokiona daktari Ijumaa

Kauli haiwezi kufutwa vizuri kabla ya aliyeitoa kujua kwa hakika iko wapi kasoro yake. Vinginevyo ataandika kwamba huenda alikosea, na mwenzake atabaki na huenda hiyo kwa miaka.

Ijumaa jioni daktari anaketi na karatasi. Swali la kwanza ni kama mashine ilifanya kazi. Ndani ya kila katriji ya kipimo hicho mna vidhibiti vyake, na kimojawapo huhakikisha kwamba kilichowekwa kweli kina chembe za mwili wa binadamu. Vidhibiti vikishindwa, kioo hakiandiki hasi. Kinaandika INVALID, ERROR au NO RESULT. Karatasi ya Jumamosi haina hata moja ya hayo. Vidhibiti vilipita.

Swali la pili ni lile aliloligeuza kuwa shutuma: je, sampuli zilichanganywa? Mashine haiwezi kujibu hilo, kwa sababu inapima chochote inachopewa. Hapa kazi ni ya namba. Namba iliyo kwenye chupa ya damu, kwenye fomu ya uchunguzi na kwenye daftari la maabara lazima iwe ileile, na hapa ni ileile mahali pote. Tena, kama damu ya mtu huyu ingebadilishana na ya mwingine, siku ileile angepatikana mtu mwenye jibu chanya lisilolingana na hali yake. Hakuna. Na sehemu ya damu ya Jumamosi iliyohifadhiwa, ilipopimwa upya, imetoka hasi tena.

Linabaki swali la tatu, ambalo mkutanoni hakuna aliyeliuliza: damu ilichukuliwa saa ngapi baada ya homa kuanza? Fomu ya uchunguzi ina nafasi ya kuandika dalili ya kwanza ilianza lini. Ijumaa saa moja jioni hadi Jumamosi saa tano asubuhi ni saa 16. Virusi vya Ebola huanza kuongezeka katika viungo vya mwili kabla ya kuenea katika damu kwa wingi unaoweza kuonekana na kipimo. Katika siku tatu za kwanza za dalili, mtu mwenye Ebola anaweza kutoa damu ambayo kwa kweli haina cha kuonekana. Ndiyo maana mwongozo ulitaka jibu hasi la sampuli iliyochukuliwa kabla ya saa 72 lirudiwe kwa sampuli ya pili, na mgonjwa abaki kituoni akisubiri.

Sampuli ya pili haikuchukuliwa. Aliyetia sahihi kwenye karatasi ya kumruhusu mgonjwa ni daktari mwenyewe.

Rasimu iliyotupwa

Mtu aliyeumbuka kwa namna hii huandika kwanza ujumbe wa kujikinga. Rasimu ya kwanza ya daktari wetu ingekuwa hivi:

*Mama, samahani sana kama maneno yangu ya Alhamisi yalikuumiza. Unajua tulikuwa na presha, wagonjwa walikuwa wengi na sikulala siku mbili. Nimeangalia tena na inaonekana tatizo lilitokana na muda wa kuchukua sampuli. Sote tunajifunza. Naomba unisamehe, tuendelee kushirikiana kama familia.*

Ujumbe huo una adabu, na haufuti chochote. Neno "kama" linalifanya jeraha kuwa jambo la kubahatisha. Presha na usingizi vinachukua nafasi kubwa kuliko kosa. "Tatizo lilitokana na muda" halina mwenyewe, na msomaji asiyejua anaweza kudhani fundi ndiye aliyechelewa au aliyewahi. "Sote tunajifunza" linamgawia fundi sehemu ya kosa asilolifanya. Na ombi la msamaha, lililowekwa mwisho, linampa kazi ya kufanya: sasa yeye ndiye anayepaswa kumtuliza daktari, na akikaa kimya ataonekana mwenye moyo mgumu.

Wataalamu wa majadiliano wamepima jambo hili. Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, pamoja na wenzake wawili, walichapisha utafiti uliochambua sehemu sita za kuomba radhi: kuonyesha majuto, kueleza kilichotokea, kukiri kwamba kosa ni lako, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba msamaha. Sehemu iliyowagusa zaidi washiriki ilikuwa kukiri kosa, ikifuatwa na kujitolea kurekebisha. Kuomba msamaha ndiko kulikokuwa na nguvu ndogo kuliko zote. Washiriki walisoma visa vya kubuni, hawakuwa wameumizwa wenyewe, kwa hiyo matokeo hayo yana mipaka yake. Hata hivyo, rasimu ya daktari imekaa kinyume kabisa na mpangilio huo: yaliyo dhaifu yamejaa, na mawili yenye nguvu hayamo.

Ujumbe uliotumwa

*Mama, jambo.*

*Alhamisi katika mkutano wa asubuhi nilisema kwamba ulichanganya sampuli na kutoa jibu la uongo. Si kweli. Naifuta kauli hiyo.*

*Damu ya Jumamosi ilichukuliwa saa 16 baada ya homa kuanza. Namba zote zinalingana, na damu iliyohifadhiwa imepimwa tena ikatoka hasi. Jibu lako lilikuwa sahihi. Aliyemruhusu mgonjwa bila sampuli ya pili ni mimi.*

*Nimemwandikia mkuu wa timu ili barua uliyopewa iondolewe kwenye faili lako. Kesho asubuhi nataka kusema haya mbele ya wenzetu, na kuyaandika kwenye kundi. Ukipenda nisitaje jina lako, niambie, nitafuata unavyotaka.*

*Pole kwa yaliyokupata siku hizi mbili. Kunijibu si lazima.*

Maneno yake hayafiki mia moja. Mtu anaweza kuyasoma akiwa amesimama kwenye foleni ya pikipiki.

Kauli inayofutwa imerudiwa jinsi ilivyotamkwa, pamoja na siku na mahali. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mkono wa mwandishi hutaka kulainisha: "niliyoyasema", "yale ya Alhamisi", "kutoelewana kwetu". Fundi anakumbuka maneno yenyewe. Asipoyaona yakitajwa, hatajua ni lipi lililofutwa na ni lipi ambalo daktari bado analiamini kimoyomoyo. Maneno mawili tu, "si kweli", yanafuata bila kiungo.

Ushahidi umefuata kwa mistari michache. Kuna watu wanaoona kwamba kutaja saa 16 na namba za chupa katika ujumbe wa kuomba radhi ni ubaridi. Lakini fundi huyu ameshutumiwa katika ufundi wake, na kinachomrudishia heshima mbele ya mafundi wenzake ni hoja ya kifundi. Angeambiwa tu kwamba yeye ni mtu mwema na mchapakazi, shutuma ingebaki ilipo. Watu wema nao huchanganya sampuli. "Jibu lako lilikuwa sahihi" ni maneno anayoweza kuyaonyesha kwa yeyote.

Kosa la daktari limekaa katika sentensi moja, lina mtenda wake, na hapo hapo limekoma. Hakusema alikuwa amechoka, ingawa alikuwa amechoka kweli. Sababu hizo zina mahali pake: katika taarifa kwa mkuu wa timu, kama kituo kinatafuta njia ya kuzuia madaktari wasiruhusu wagonjwa kabla ya saa 72. Kwa fundi, zingekuwa mzigo wa ziada.

Salamu nayo haikuchaguliwa ovyo. Mkutanoni daktari alimwita "fundi wa zamu ya Jumamosi". Katika ujumbe anarudi kwenye "Mama", jinsi mwanamke wa umri huo anavyoitwa na vijana wa kazini, na haongezi sifa. Mtu aliyelaumiwa juzi akimiminiwa sifa leo hujiuliza zinatafuta nini.

Masikio yaleyale

Ujumbe wa faragha hutangulia, ili aliyelaumiwa asishtukizwe mkutanoni. Lakini hauwezi kubaki peke yake. Lawama ilisikika mahali patatu: mkutanoni, kwenye kundi la simu na kwenye faili. Kufutwa kwake kunapaswa kufika mahali hapo patatu, na katika lugha ya kila mahali. Nchini Kongo hilo si dogo. Radhi ya Kiswahili iliyosemwa kwa sauti nzuri mkutanoni haigusi karatasi ya Kifaransa iliyo kabatini, na mkuu mpya akija mwaka ujao atasoma karatasi. Kwa hiyo daktari anaandika barua ya pili, ya Kifaransa na ya kikazi, inayotaja tarehe ya barua ya kuomba maelezo na kusema kwamba msingi wake haupo.

Sheria ya Kongo nayo inatofautisha faragha na hadhara. Kifungu cha 74 cha Kitabu cha Pili cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayemtwika mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo mahususi la kumvunjia heshima. Kifungo chake ni kati ya siku 8 na mwaka 1. Daktari aliyeamini alichosema hana nia mbaya, na hakuna anayezungumzia mahakama hapa. Hata hivyo, mtu akishaonyeshwa ukweli, kila siku anayokaa kimya inafanya iwe vigumu zaidi kusema kwamba alikosea kwa nia njema.

Mfano unaojulikana wa kufuta lawama mbele ya masikio yaleyale unatoka Marekani. Tarehe 19 Julai 2010 Shirley Sherrod, ofisa wa Wizara ya Kilimo katika jimbo la Georgia, alilazimishwa kujiuzulu baada ya kipande cha video kusambazwa kikimwonyesha kana kwamba alimbagua mkulima Mzungu. Hotuba kamili ilipotazamwa, ilionekana kwamba alikuwa akisimulia jinsi alivyoishinda chuki na kumsaidia mkulima huyo. Familia ya mkulima ikajitokeza kumtetea. Chama cha NAACP, kilichokuwa kimemlaani, kilifuta kauli yake siku iliyofuata. Tarehe 21 Julai waziri Tom Vilsack alimwomba radhi, akasimama mbele ya waandishi wa habari akisema uamuzi ulikuwa wake mwenyewe, na akampa nafasi nyingine ya kazi. Sherrod aliipokea radhi. Kazi aliikataa mwezi uliofuata.

Kukataa huko kunafaa kukumbukwa na kila anayetuma ujumbe wa namna hii. Vilsack alifanya karibu kila linalotakiwa, kwa siku mbili, na bado hakumrudisha mwenzake kazini. Kufuta kauli kunarekebisha rekodi. Uhusiano ni mali ya watu wawili, na mmoja wao ana haki ya kutoutaka tena.

Jina lisemwe au lisisemwe

Kanuni ya masikio yaleyale ina mpaka mmoja ambao Butembo na Beni ziliuonyesha wazi. Palipo na hatari ya mtaani, tangazo la kumsafisha mtu linaweza kumweka mbele ya macho ambayo hayakuwa yakimtafuta. Watu waliofanya kazi katika riposti, kama walivyoita shughuli nzima ya kupambana na Ebola, walijua maana ya jina kuzunguka kwenye simu. Ujumbe wa kundi hunakiliwa, na anayeunakili hachukui mwisho wake kila mara. "Fundi fulani hakutoa jibu la uongo" hukatwa na kubaki jina pamoja na neno uongo.

Ndiyo sababu daktari aliuliza kabla. Fundi anaweza kujibu kwamba mkutanoni jina lake litajwe, kwa kuwa ndiko alikovunjiwa heshima, na kwenye kundi iandikwe tu kwamba jibu la maabara la Jumamosi lilikuwa sahihi na kwamba kosa lilikuwa la daktari wa zamu. Kwa njia hiyo wanaohusika wote wataelewa, na aliye nje hataambulia jina. Anaweza pia kutaka mengine kabisa. Huo ni uamuzi wake, na daktari hana haki ya kumsukuma ili apate yeye nafuu ya dhamiri.

Kuna jambo moja ambalo halingojei ruhusa ya mtu. Kosa la daktari limeacha watu nyumbani kwa mgonjwa, na timu ya ufuatiliaji inahitaji kujua kwamba mgonjwa alikuwa nyumbani tangu Jumamosi, amegusana na nani na lini. Kama kila mtu angeendelea kuamini kwamba sampuli zilichanganywa, wangeanza pia kumtafuta mgonjwa wa pili asiyekuwapo, yule mwenye damu iliyodaiwa kubadilishwa, na kuyatilia shaka majibu yote ya siku ile. Lawama ya uongo katika maabara hupoteza saa za kazi za watu wengine, na kauli iliyofutwa mapema huwarudishia saa hizo.

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena katika eneo la Butembo, baada ya kuthibitishwa kwa mwanamke aliyeanza kuugua huko Biena. Sampuli yake ilipimwa papo hapo mjini, katika tawi la INRB. Hapakuwa na haja ya kusubiri wataalamu kutoka mbali, kwa kuwa wahudumu wa eneo hilo walikuwa wameshafunzwa katika mlipuko uliotangulia. Mlipuko huo ulikuwa na wagonjwa 12, sita wakafa, na tarehe 3 Mei ukatangazwa kwisha. Maabara ya mji wa ukubwa huo ina mafundi wachache, na madaktari wanaosoma majibu yao si wengi zaidi. Waliolaumiana mwaka 2019 walikuwa na kila sababu ya kujikuta tena mwaka 2021 kwenye mkutano uleule wa asubuhi, mmoja akisubiri jibu, mwingine akilitia sahihi.